Boksi Refu Halikufanyi Uruke Juu: Tujifunze Kutua Kwanza

Leo tunataka kusema jambo moja ambalo limetuuma hapa Nakivale. Tutalisema wazi, maana sisi wenyewe tulikuwa ndani ya kosa.

Wote mmeona zile video. Kijana anapanga matofali mpaka yanamfika kiunoni, anarudi hatua mbili, anaruka, anatua juu amechuchumaa kama chura, halafu kundi lote linapiga kelele. Kesho yake kijana mwingine anaongeza tofali mbili. Sisi tunaosimamia mazoezi ya jioni tulikuwa tunashika simu na kurekodi. Tuliona hiyo ndiyo plaiometriki, yaani mazoezi ya kuruka yanayompa mchezaji mguu wa haraka. Tulijua kuhesabu matofali tu, mambo ya kutua hatukuyajua.

Halafu kipa wetu akaumia. Ana miaka 17, ana kilo 60, na alikuwa ameahidiwa majaribio katika timu moja ya mjini. Kwa wiki tatu alikuwa anaruka juu ya matofali ya sentimita 80, mara ishirini kila jioni, na kila mara anaruka tena kurudi chini. Hakuanguka hata siku moja, na hapo ndipo tulipodanganyika. Goti lilianza kumuuma polepole, pale chini ya kifupa cha mbele ya goti. Kwanza lilimuuma asubuhi tu, halafu wakati wa kushuka mteremko akienda kuchota maji, mwishowe hata akikaa kwenye benchi na kuinuka. Siku ya majaribio ilipofika hakuweza kukimbia.

Sisi tunasema hivi: boksi refu halipimi mruko wa mtu, na hatari kubwa haiko kwenye kupanda, iko kwenye kushuka. Anayeanza mazoezi haya afundishwe kutua kwanza, na boksi lake liwe fupi hata kama wenzake watacheka. Tutaeleza sababu yetu, tukimtumia huyu huyu kipa.

Baada ya goti kutulia tulimpima mruko wake wa kweli. Kipimo hiki hakina gharama. Alisimama ubavu kwa ukuta, kisigino chini, akanyoosha mkono mmoja juu, tukaweka alama ya chaki pale vidole vilipofika. Kisha akaruka kwa nguvu zake zote na kugusa ukuta kwa kidole chenye chaki. Tukapima toka alama ya chini mpaka ya juu, tukapata sentimita 38. Akashangaa, sisi pia tukashangaa. Mtu anayeruka 38 alifikaje juu ya matofali ya 80?

Jibu ni rahisi ukilifikiria. Mwili wake ulipanda zile 38 tu. Sentimita 42 zilizobaki alizipata kwa kukunja magoti mpaka kifuani. Kwa hiyo alipokuwa anaongeza tofali, hakuwa anajifunza kuruka juu zaidi, alikuwa anajifunza kukunja miguu zaidi. Uwanjani, kipa akitaka kudaka mpira wa juu, kukunja magoti hakumsaidii chochote. Anahitaji mwili upande. Ile video ilikuwa inampa sifa kwa kitu ambacho mchezo wake haukihitaji.

Na tazama anavyotua pale juu. Makalio yako karibu na visigino, mgongo umepinda, magoti yamekunjwa mpaka mwisho. Hakuna nafasi tena ya kujikunja kidogo ili kupoza kishindo. Akikosea sentimita mbili tu, ugoko unagonga ncha ya tofali, au anarudi nyuma chali.

Sasa tuje kwenye kushuka. Mtu akianguka toka juu, ardhi lazima imsimamishe. Swali ni kama itamsimamisha ghafla au polepole. Fikiria mtu anayekurushia yai. Ukiweka mkono mgumu kama ubao, yai linapasuka. Ukirudisha mkono nyuma kidogo kidogo, unalidaka zima. Yai ni lile lile na limetoka mbali kule kule. Kilichobadilika ni umbali uliolipa yai kusimama.

Miguu nayo inafanya kazi hiyo hiyo, na unaweza kuipigia hesabu. Chukua urefu unaoanguka, ugawe kwa umbali ambao mwili unaendelea kushuka baada ya nyayo kugusa ardhi, halafu ongeza moja. Jibu linakuambia, kwa wastani, miguu inabeba uzito wako mara ngapi wakati wa kutua. Kipa wetu alikuwa anashuka toka sentimita 80 na magoti magumu, mwili unazama kama sentimita 10 tu. Themanini kwa kumi ni nane, ongeza moja, ni tisa. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama kubeba kilo 540 kwa kitambo kidogo, na mara ishirini kila jioni. Angejikunja vizuri, mwili ukazama sentimita 40, ingekuwa mara tatu, yaani kilo 180. Na hiyo ni wastani tu. Pale mwanzo kabisa, kwa mtu anayetua mgumu, kishindo kinapita wastani huo.

Kwa hiyo unaweza kupunguza mzigo kwa njia mbili: uanguke kutoka chini zaidi, au uzame zaidi unapotua. Mtu mpya afanye zote mbili.

Hapa kuna kitu ambacho wengi hatukukijua kuhusu boksi. Boksi likitumiwa vizuri linamhurumia goti. Kipa wetu akiruka sentimita 38 kwenye ardhi tupu, ataanguka hizo 38 zote. Akiruka vile vile na kutua juu ya boksi la 20, anaanguka kama 18 tu, maana boksi limempokea njiani. Ameruka kwa nguvu zote, lakini kutua kumekuwa kwepesi. Kwa mtu anayeanza, faida ya boksi ni hiyo. Lakini akiruka kurudi chini, faida yote amerudisha. Sheria yetu siku hizi ni kwamba kupanda unaruka, kushuka unateremka kwa hatua, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mzee anayeshuka ngazi. Anayeruka kushuka anakaa nje zamu inayofuata.

Watu watasema, "Lakini wanariadha wakubwa wanaruka toka juu!" Ni kweli. Zoezi la kujiangusha toka juu na kuruka tena papo hapo liliendelezwa katika miaka ya 1960 na Yuri Verkhoshansky, kocha wa Umoja wa Kisovieti. Lakini aliwawekea wanariadha waliokuwa na miaka mingi ya kujenga nguvu, na waliruka mara chache, kwa mpango. Sisi tumechukua chakula cha mwisho tukampa mtoto anayeanza kula.

Sasa kutua vizuri kukoje? Tunawafundisha kwa hatua, na wiki mbili za kwanza hakuna boksi kabisa.

Zoezi la kwanza hakuna hata kuruka. Simama umenyooka, inuka kwenye vidole, mikono juu. Halafu jishushe kwa haraka: mikono inarudi nyuma, makalio yanarudi nyuma kidogo kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti kifupi, magoti yanakunjika, kifua kinaelekea mbele kidogo. Ganda hapo. Hesabu moja, mbili, tatu bila kutikisika. Nyayo nzima ziko chini, zimeachana upana wa nyonga. Hiyo ndiyo picha ya kutua. Mtu asiyeweza kuganda hapo bila kuruka hataweza akitoka hewani.

Zoezi la pili unaruka kidogo mahali ulipo, kama sentimita 10, halafu unatua kwenye picha ile ile na kuganda sekunde tatu. La tatu unaruka mbele hatua moja fupi, unatua na kuganda. Sehemu ya mbele ya nyayo inagusa kwanza, kisigino kinafuata taratibu mpaka chini. Ukitua kwa kisigino kwanza, kishindo kinapanda moja kwa moja. Ukibaki kwenye vidole tu bila kushusha kisigino, unayumba na misuli ya nyuma ya mguu inabeba kila kitu peke yake.

Utajuaje kama umetua vizuri? Sisi tunatumia sikio kwanza. Tunamwambia kijana atue kama mtu anayeingia nyumbani usiku na hataki kumwamsha mama. Ukisikia "pwaa!", nyayo zimepiga bapa na magoti yalikuwa magumu. Ukisikia sauti mbili, "pa-pa", mguu mmoja umetangulia, na huo unabeba zaidi ya sehemu yake. Kutua kuzuri kuna sauti moja ndogo. Lakini sikio halitoshi, maana mtu anaweza kutua kimya na magoti yakaingia ndani.

Kwa hiyo cha pili ni jicho, na tunaangalia toka mbele. Goti lielekee upande ule ule ambao vidole vya mguu vinaelekea. Magoti yakikimbiliana ndani mpaka yanakaribia kugusana, simamisha. Goti likiingia ndani wakati mwili unashuka, kano iliyo katikati ya goti inavutwa vibaya, na ndiyo inayokatika kwa wachezaji wengi bila hata kuguswa na mtu. Jambo hilo linawapata wasichana wanaocheza mpira mara nyingi zaidi kuliko wavulana, kwa hiyo makocha wa timu za dada zetu msilipite hili haraka. Simu yenye kurekodi polepole inafaa sana hapa. Iweke chini mbele ya mruka, usawa wa goti. Hiyo ndiyo video ya kutuma kwenye grupu!

Mara nyingi kijana haelewi akiambiwa "usiingize magoti". Mwambie "sukuma ardhi kwa nje, kama unataka kuipasua katikati," utaona magoti yanafunguka. Kama bado yanaingia, mruko ni mkubwa kwake au amechoka. Punguza urefu, au amwachie mwenzake zamu.

Baada ya wiki mbili hizo tunaleta boksi. Usiite fundi, na usitumie jerikeni la lita ishirini, maana linateleza na kupinduka hata likiwa limejaa. Matofali yaliyopangwa bila udongo wa kushikisha nayo yanatembea. Sisi tunatumia tairi kuukuu la gari ndogo. Tunalilaza chini, tunalijaza udongo wenye unyevu na kuushindilia mpaka linakuwa gumu kama sakafu. Urefu wake unaweza kuusoma ubavuni: ukiona imeandikwa 185/65 R15, hiyo 185 ni upana wa tairi kwa milimita, na tairi likilala upana ndio unakuwa urefu. Kwa hiyo una boksi la karibu sentimita 18 na nusu. Tena ncha yake ni ya mpira, ukikosea ugoko haupasuki. Tairi mbili moja juu ya nyingine, zimefungwa kwa waya na kushindiliwa vizuri, zinakupa kama 37.

Urefu gani unamfaa nani? Hatuangalii umri wala ujasiri, tunaangalia chaki. Chukua kipimo cha ukuta, boksi la kwanza liwe karibu nusu yake. Kipa wetu ana 38, tukampa tairi moja. Halafu kuna mtihani wa macho unaoshinda hesabu yoyote. Mwangalie toka ubavuni. Anapotua juu ya boksi, mapaja yake yawe yamekunjika kiasi kile kile kama alipotua kwenye ardhi. Makalio yabaki juu ya magoti. Ukiona makalio yameshuka chini ya usawa wa magoti, boksi ni refu mno kwake leo, hata kama amefika. Na akishatua asimame wima kabisa juu ya boksi kabla ya kushuka. Asiyeweza kusimama kwa utulivu hajamaliza mruko.

Idadi nayo tulikuwa tunaikosea. Tulidhani zoezi ni mpaka mtu aanguke kwa kuchoka. Mazoezi ya kuruka hayako hivyo. Ukichoka, kutua ndiko kunaharibika kwanza. Sasa mtu mpya anatua mara 30 mpaka 40 kwa siku, basi. Anaruka mara tano, anapumzika dakika moja au mbili, anarudi. Ni siku mbili kwa wiki, na kati yake siku mbili za kupumzika kuruka, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi. Mechi nayo ina miruko yake, kwa hiyo siku ya mechi hatuongezi. Na wiki ambayo chakula nyumbani ni kidogo tunapunguza nusu bila kuuliza maswali. Mwili usiokula haujengi ulichovunja.

Kipa wetu alianza upya pale goti lilipoacha kumuuma kwenye mteremko. Wiki ya kwanza na ya pili alijishusha na kuganda tu, bila boksi. Alichukia. Alisema tumemrudisha shule ya chekechea. Wiki ya tatu tukampa tairi moja, miruko mitano mitano, jumla 30, kushuka kwa hatua. Wiki ya tano tulimjaribu kwenye tairi mbili. Alifika bila shida, lakini toka ubavuni tuliona makalio yameshuka chini ya magoti na kifua kimelala. Tukamrudisha tairi moja siku ile ile. Badala ya kuongeza urefu wa boksi tukamwambia aruke juu zaidi ya tairi lile lile, afike hewani kama kuna kamba juu, halafu atue kimya. Hilo ndilo lilimsaidia. Wiki ya nane chaki ilisoma 41. Sentimita tatu si za kutangaza. Ila ni zake za kweli, zinapanda naye golini, na goti limetulia.

Maumivu yenyewe nayo tuyatofautishe. Misuli ya mapaja kuuma kidogo siku moja au mbili baada ya zoezi ni kawaida. Maumivu ya mahali pamoja unapoweza kuonyesha kwa kidole, chini ya kifupa cha goti au kwenye mfupa wa ugoko, ni alama ya kuacha kuruka, si ya kukaza moyo. Kwa vijana wanaorefuka haraka kunaweza kutokea uvimbe mgumu unaouma pale juu ya ugoko chini ya goti, huyo naye apunguze. Na kama goti lilitoa mlio wa "pap!", likavimba ndani ya saa chache, au linakuachia ukitembea, hapo hakuna zoezi. Nenda kituo cha afya. Sisi hapa tunajua rufaa ya kwenda kupigwa picha ya goti inachukua miezi, na upasuaji wa kano iliyokatika wengi wetu hatutaupata. Mchezaji wa timu kubwa akikatika ana daktari anayemngoja pembeni. Kwetu goti hilo ndilo la kulimia na la kuchotea maji.

Kwa nyinyi wa mashirika, tuna ombi dogo. Mkija na mradi wa michezo, msituletee maboksi ya mbao ya sentimita 75 kwa sababu yanapendeza kwenye picha ya ripoti. Tuleteeni futi ya kupimia, chaki, na muda wa kuwafundisha makocha wetu kuangalia magoti. Tairi tunazo.

Na wewe kijana unayesoma hapa, kesho jioni kabla ya kugusa boksi, pima mruko wako ukutani na uandike namba. Halafu mwombe mwenzako asimame mbele yako, uruke kidogo, utue, ugande mpaka tatu. Akikuambia magoti yameingia au amesikia "pwaa", usikasirike. Rudia.